ΔG° ni chanya, mbona chokaa inaiva?

*Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa kwanza, nasoma kemia. Tumefundishwa kwamba mmenyuko hauendi wenyewe kama ΔG ni chanya. Nimekokotoa kuchoma chokaa kwa 700 °C nikapata +22 kJ, na hesabu inadai hadi nifike 838 °C. Lakini babu yangu kule Lamu amechoma matumbawe kwa kuni miaka mingi, na hakuwahi kungoja moto ufike huko kila mahali. Halafu swali linaendelea: "tafuta K". Kama mmenyuko hauendi, K ya nini? Na data ya kitabuni ni ya kalisiti. Matumbawe si kitu kingine?*

Marahaba. Hesabu yako ni sahihi, na babu yako naye hajavunja kanuni yoyote. Tatizo ni kwamba umeisoma +22 kJ kama ΔG, wakati ni ΔG°. Kile kiduara kidogo juu kinabeba sharti, na sharti hilo halipo kwenye tanuu la babu.

Tuanze na mmenyuko wenyewe:

CaCO₃ (mango) → CaO (mango) + CO₂ (gesi)

Kiduara maana yake ni kwamba kila kitu kiko katika hali sanifu. Kwa mango hiyo ni mango safi, haina shida. Kwa gesi ni kanieneo la baa 1. Kwa hiyo namba uliyoipata inajibu swali moja tu: kama jiwe na chokaa vimo pamoja ndani ya chombo kilichojaa kabonidioksidi ya baa 1, na joto ni 700 °C, je, jiwe litavunjika? Jibu ni hapana. Humo, chokaa ndiyo ingerudi kuwa jiwe. Lakini nani anachoma chokaa ndani ya kabonidioksidi tupu? Tanuu la pwani ni magogo yaliyopangwa duara, matumbawe yamerundikwa juu, na upepo unapita.

Nataka uone sharti hilo linaingilia wapi, kwa sababu ukilikariri kama fomula litakuponyoka kwenye mtihani ujao. Chukua data ya 25 °C. Mabadiliko ya enthalpia ni +178.3 kJ kwa moli, yaani jiwe linakula joto. Mabadiliko ya entropia ni +160.5 J kwa kelvini, na karibu yote yanatokana na gesi iliyozaliwa. Sasa sahau nishati huru kwa muda na uhesabu entropia ya ulimwengu mzima, maana hiyo ndiyo inayoamua kitu kiende au kisiende. Alichofanya Willard Gibbs katika miaka ya 1870 ni kutupatia njia ya kufanya hesabu hiyo kwa kuangalia mfumo peke yake, mradi joto na kanieneo la nje havibadiliki.

Kwa 700 °C, yaani kelvini 973, jiwe linachukua 178,300 J kutoka kwenye mazingira yake. Entropia ya mazingira inashuka kwa 178,300 ÷ 973, yaani 183.2 J/K. Mfumo wenyewe unapata 160.5 J/K. Jumla ni hasara ya 22.7 J/K, kwa hiyo mmenyuko hauendi. Zidisha hasara hiyo kwa 973 na utapata jouli 22,100 hivi. Ndiyo +22 kJ yako. Nishati huru ni entropia ya ulimwengu iliyozidishwa kwa joto na kugeuzwa alama, basi.

Sasa angalia ile 160.5 J/K. Imehesabiwa kwa gesi inayotoka ikiwa na kanieneo la baa 1. Gesi ikitokea mahali ambapo ni haba, kila moli yake ina nafasi kubwa zaidi ya kutawanyika, na entropia yake ni kubwa zaidi. Nyongeza hiyo ni −R ln p, ambapo p ni kanieneo la CO₂ kwa baa na R ni 8.314 J/K kwa moli. Hewa ya kawaida ina CO₂ ya takriban baa 0.00042. Logi asilia ya namba hiyo ni −7.775, kwa hiyo nyongeza ni 64.6 J/K. Mfumo haupati tena 160.5 bali 225.1. Mazingira bado yanapoteza 183.2 ileile. Jumla sasa ni faida ya 41.9 J/K, na mmenyuko unakwenda.

Hakuna kilichobadilika kwenye jiwe wala kwenye moto. Kilichobadilika ni uhaba wa gesi pale inapotokea. Ukiandika hayo kwa lugha ya nishati huru unapata fomula ambayo bila shaka mmeshaandikiwa ubaoni:

ΔG = ΔG° + RT ln Q

Q ni uwiano wa mazao kwa vitu vya awali, jinsi ulivyo sasa hivi, si jinsi utakavyokuwa. Mango safi zinahesabiwa kuwa 1, kwa hiyo hapa Q ni kanieneo la CO₂ peke yake. Wanafunzi wengi huona kipande cha RT ln Q kama marekebisho madogo ya kupamba ΔG°. Katika mfano huu kipande hicho ni kikubwa karibu mara tatu ya ΔG° yenyewe.

Tuweke namba. Kwa kelvini 973, RT ni 8.09 kJ kwa moli, na ΔG° ni 178.3 − 973 × 0.1605, yaani +22.1 kJ.

Jiwe likiwa kwenye hewa safi inayopita:

ΔG = 22.1 + 8.09 × (−7.775) = 22.1 − 62.9 = −40.8 kJ

Jiwe linavunjika.

Sasa lipeleke katikati ya tanuu ambamo upepo haufiki vizuri. Moshi wa kuni una CO₂ yake, na jiwe linaongeza yake. Tuseme imefika baa 0.2. Logi asilia ni −1.609:

ΔG = 22.1 + 8.09 × (−1.609) = 22.1 − 13.0 = +9.1 kJ

Hapo kuvunjika kunasimama, na chokaa iliyokwisha kuiva mahali hapo inaweza kuanza kunyonya gesi na kurudi kuwa jiwe. Joto ni lilelile, ΔG° ni ileile, ila mwelekeo umegeuka. Ndiyo maana nasema ΔG° peke yake haiwezi kukuambia mmenyuko utaelekea wapi. ΔG ndiyo inayosema, na kuipata lazima ujue kilichopo ndani ya chombo.

Hapa swali lako la K linajijibu karibu lenyewe. Kati ya baa 0.00042, ambapo jiwe linavunjika, na baa 0.2, ambapo chokaa inarudi, lazima kuwe na kanieneo moja ambapo hakuna kinachoshinda. Pale ΔG ni sifuri. Thamani ya Q mahali hapo ndiyo tunayoiita K. Weka sifuri upande wa kushoto wa fomula na utapata:

ΔG° = −RT ln K

Kwa hiyo ln K = −22.1 ÷ 8.09 = −2.73, na K = 0.065. Msawazo wa 700 °C kwa data hii ni CO₂ ya baa 0.065. Fungia jiwe ndani ya chombo kisicho na hewa, lipashe hadi 700 °C, na litaanza kuvunjika mara moja licha ya ΔG° chanya. Litaendelea hadi gesi ifike baa 0.065, kisha litatulia. Ukivuta gesi nje kwa pampu, litaendelea tena. Ukisukuma gesi ya ziada ndani, litarudi nyuma. Haijalishi umeweka gramu 10 au kilo 10, mradi jiwe na chokaa vyote viwili vimebaki humo.

Basi ΔG° chanya haina maana ya kwamba mmenyuko hauendi. Maana yake ni kwamba K ni ndogo kuliko 1, yaani mmenyuko utasimama kabla mazao hayajafikia hali sanifu. Kusimama kwenye baa 0.065 ni mbali sana na kutoanza. Na mahali ambapo gesi inatoroka kila inapozaliwa, hausimami kabisa, unamaliza jiwe lote.

Ukitaka kuona ΔG° ambayo kweli inafunga mlango, rudi kwenye 25 °C. Hapo ni +130.4 kJ, RT ni 2.479 kJ, na ln K ni −52.6. K inakuwa takriban 1.4 × 10⁻²³. Hata kama hewa ingekuwa na CO₂ haba mara bilioni kuliko ilivyo, bado ingezidi kiwango hicho kwa mbali. Kwa CO₂ ya hewa ya leo, ΔG ni 130.4 − 19.3, yaani +111 kJ, kwa hiyo kuta za mawe hazivunjiki kwa kukaa juani. Kwa upande mwingine, namba hiyohiyo ikigeuzwa inasema kwamba chokaa mbichi iliyoachwa kwenye hewa ina msukumo wa −111 kJ wa kurudi kuwa jiwe.

Lakini angalia: msukumo si kasi. Chokaa mbichi kavu kwenye hewa kavu hukaa muda mrefu bila kufanya kitu cha maana. Inahitaji unyevu. Lipu ya ukutani hufunga kupitia chokaa iliyozimwa, Ca(OH)₂, ambayo ikiwa na maji kidogo hunyonya CO₂ polepole kuanzia nje kwenda ndani, na ukuta mnene unaweza kuchukua miaka. ΔG hasi inakuambia njia imeteremka, haikuambii utafika lini. Hakuna namna ya kutoa muda ndani ya ΔG wala K, na swali la mtihani linalokutaka ufanye hivyo ni mtego.

Turudi kwenye 838 °C yako. Umeipata kwa kugawanya 178,300 kwa 160.5, yaani joto ambalo ΔG° inakuwa sifuri na K inakuwa 1. Kimwili ni joto ambalo CO₂ ya msawazo inafika baa 1. Hiyo ni kazi muhimu, kwa sababu kuanzia hapo gesi inaweza kujisukuma nje yenyewe dhidi ya hewa yote, hata upepo usipokuwepo. Haihitajiki ili mmenyuko uanze. Kwa mahali penye hewa safi, tafuta joto ambalo K inalingana na 0.00042: gawanya 178,300 kwa 225.1 na utapata kelvini 792, yaani 519 °C. Kati ya 519 na 838 kuna uwanja mpana, na mchomaji wa kuni anafanya sehemu nzuri ya kazi yake ndani ya uwanja huo, ingawa moto wake unapowaka vizuri unaweza kuvuka 838 hapa na pale.

Usifikiri kwamba angefanikiwa kwa 530 °C. Ruhusa ipo, ila mmenyuko ungekuwa mvivu mno. Isitoshe, kuna jambo ambalo hesabu yetu imelipuuza: jiwe lina ndani. Gesi inayozaliwa katikati ya bonge haikutani na hewa ya nje. Inapaswa kupenya kwenye vinyweleo vya chokaa iliyokwisha kuiva. Pale kwenye mpaka kati ya jiwe na chokaa kanieneo la CO₂ linapanda hadi kukaribia K, na ΔG inakaribia sifuri. Kanieneo la nje linaweza kuwa 0.00042, lakini mpaka ule hauoni hewa ya nje. Kwa hiyo kadiri bonge linavyokuwa kubwa ndivyo unavyohitaji joto la kukaribia K ya 1 ili gesi isukumwe nje kwa nguvu yake. Fundi anayevunja matumbawe vipande vidogo anaishusha Q bila kuijua jina.

Na unaweza kuona kwa macho kama Q ilimshinda. Jiwe safi lililoiva lote hupoteza asilimia 44 ya uzito wake, kwa sababu moli ya CO₂ ni gramu 44 kati ya gramu 100 za CaCO₃. Kilo 10 zinarudi kilo 5.6. Ukipata 6.5, kuna kiini kibichi. Zima bonge kwa maji (kwa uangalifu, linachemka na kuunguza ngozi na macho) na kiini kitabaki kigumu katikati ya unga. Kidondoshee siki: kikitoa mapovu, ni kabonati ambayo haikuiva.

Sasa kuhusu uaminifu wa namba zetu, maana hapa wengi hudanganyika. Tumechukua ΔH na ΔS za 25 °C na kuzitumia kwa 700 °C kana kwamba hazibadiliki. Zinabadilika kidogo. Maabara zikipima, CO₂ ya msawazo inafika angahewa 1 karibu na 900 °C, si 838. Na kwa 700 °C vipimo vinatoa takriban nusu ya 0.065 yetu. Kosa la kilojouli 5 au 6 ndani ya ΔG° limetosha kuigawa K kwa mbili, kwa sababu K inakaa ndani ya kipeo. Kwa 973 K, kila 18.6 kJ ni mara kumi ya K. Kwa 25 °C, 5.7 kJ tu ni mara kumi. Ndiyo maana ukiandika K = 1.387 × 10⁻²³ nitakukata alama: data yako haijui tarakimu hizo.

Makosa mawili ya hesabu yatakukuta kabla ya hayo yote. La kwanza ni kuweka ΔH kwa kilojouli na ΔS kwa jouli bila kubadili; utaligundua kwa sababu ΔG° itakuwa hasi ya zaidi ya laki moja. La pili ni kutumia 700 badala ya 973. Hilo ni baya zaidi kwa sababu jibu linaonekana la kawaida: 178.3 − 700 × 0.1605 ni +66.0 kJ, na hakuna kitu ndani yake kinachopiga kelele. Njia ya kujikinga ni kutafuta kwanza joto la ΔG° sifuri kwa kelvini, hapa 1,111, kisha kujiuliza joto lako liko umbali gani kutoka hapo. Kelvini 138 pungufu, mara 0.1605, ni 22 kJ. Haiwezi kuwa 66.

Kuhusu matumbawe: ni kweli, tumbawe bichi la baharini limejengwa kwa aragoniti, ambayo ni CaCO₃ ileile iliyopangwa vingine. Nishati huru yake ya uundaji ni takriban −1127.8 kJ kwa moli, kalisiti ni −1128.8. Tofauti ya kilojouli 1 kwa 700 °C inabadilisha K kwa kama asilimia 13 tu, chini ya kosa tulilolikubali tayari. Tena aragoniti ikipashwa hugeuka kalisiti mnamo digrii mia nne na kitu, kabla haijafika kwenye joto la kuvunjika kwa kasi ya maana. Jiwe linalovunjika ndani ya tanuu la babu yako kwa 700 °C ni kalisiti, hata kama lilitoka baharini likiwa aragoniti, kwa hiyo data uliyoitumia ndiyo inayostahili.